Chemba ya mafuta inajaa kila mara, jirani wanalalamika: tatizo mara nyingi si dawa

"Habari wanajukwaa. Nina hoteli ndogo ya chakula Kisenyi, Kampala: pilau, matoke, posho, nyama na chipsi. Fundi alinijengea uchochoroni chemba ya mafuta, ile ya kunasa mafuta ya jikoni kabla maji hayajafika shimoni, lakini harufu inaanza siku ya tatu tu baada ya kusafisha, na shimo la maji machafu linafurika mvua ikinyesha. Jirani ameshanipeleka kwa mwenyekiti wa LC. Kuna dawa gani ya kumwaga?"

Ndugu yangu, kabla ya kununua dawa yoyote, fungua mfuniko uangalie bomba la kutokea. Chemba nyingi za mitaa yetu ni shimo la tofali lenye bomba moja la kuingizia na jingine la kutolea, yote yamenyooka. Hiyo haishiki mafuta. Mafuta yanaelea juu, na bomba lililonyooka linachota maji ya juu, kwa hiyo kinachopelekwa shimoni ni mafuta yenyewe huku maji safi kiasi yakibaki chini.

Bomba la kutokea linatakiwa kuwa na tii, yaani kiungio cha bomba chenye umbo la T, ya inchi 4 iliyosimama wima, na mguu wake uteremke hadi theluthi mbili ya kina cha maji. Kama maji yana kina cha sentimita 90, mguu ufike kama sentimita 60 chini ya uso wa maji, ukiacha 30 hivi za tope kukaa. Hapo maji yanayotoka yanachukuliwa katikati, chini ya mafuta na juu ya tope. Mdomo wa juu wa tii utokeze kama sentimita 15 juu ya maji, ili uweze kupitisha waya wa kuzibulia. Upande wa kuingilia nao uwe na tii fupi inayozama sentimita 20 au 30, kusudi maji ya sinki yasidondoke juu ya mafuta na kuyavuruga. Bomba la kuingilia liwe juu ya lile la kutokea kwa sentimita 5 hadi 7, vinginevyo maji yatarudi jikoni.

Kujua kama chemba yako inavujisha mafuta ni rahisi: funua chemba inayofuata, ile ya kabla ya shimo. Ukikuta utando mweupe ukutani au mabonge yanayoelea, tayari una jibu, hata kama chemba ya mafuta yenyewe umeisafisha jana.

Sasa ukubwa. Chukua sinki la sentimita 60 kwa 45, kina 30. Likijaa kabisa ni lita 81, lakini kwa kawaida hujazwa robo tatu, yaani lita 60. Likifunguliwa linaisha kwa dakika 2 hivi, kwa hiyo ni lita 30 kwa dakika. Mafuta yanahitaji kama dakika 20 za utulivu ili yapande juu, kwa hiyo unahitaji lita 600 za maji ndani ya chemba. Shimo la urefu wa sentimita 120, upana 60 na kina cha maji 90 linakupa lita 648, na hilo linaweza kuingia kwenye uchochoro mwembamba. Lakini hesabu hiyo ni ya sinki moja kwa wakati. Mkifungua mawili pamoja, muda unakatika nusu na mafuta yanapita. Ikiwa hakuna nafasi ya chemba kubwa zaidi, weka sheria jikoni kwamba sinki la pili halifunguliwi mpaka la kwanza limeisha. Ni sheria ya bure na inafanya kazi kuliko watu wanavyodhani.

Sufuria ya posho au pilau ni jambo jingine. Mtu akimwaga lita 40 za maji ya moto kwa mkupuo, zinachanganya kila kitu kilichokuwa kimetulia, tena joto linayeyusha mafuta yaliyoganda na kuyapitisha. Maji ya moto yapoe kwanza, kisha yamwagwe polepole. Mfereji wa maji ya mvua kutoka kwenye bati usiingie kabisa kwenye chemba hii. Mvua moja ya Kampala inatosha kusukuma nje mafuta ya mwezi mzima. Na choo kisiunganishwe humo hata kwa bahati mbaya.

Kwa harufu ya siku ya tatu mimi siyalaumu mafuta moja kwa moja. Mafuta matupu hayanuki haraka hivyo. Kinachooza ni wali, posho na vipande vya nyama vilivyozama chini, ambako hakuna hewa, na gesi yake ndiyo ile ya yai bovu. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye sahani kabla hazijafika sinkini. Kila sahani ikwanguliwe kwa kipande cha mpira ndani ya ndoo, sufuria yenye mafuta ipanguswe kwa karatasi, na tundu la sinki liwe na kichujio cha matundu ya milimita 2 au 3. Kichujio kifungwe kwa skrubu, maana mwosha vyombo akiona maji yanachelewa atakinyofoa, na huwezi kumlaumu, vyombo vinamsubiri.

Ndoo ziwe tatu. Ya maganda ya matoke na mboga ibaki bila mifuko ya kavera wala vijiti vya meno ndani, kwa sababu wafuga mbuzi na ng'ombe wanayataka, na wakiona takataka zingine hawarudi. Ya pili ni mabaki ya chakula yaliyokwanguliwa. Mfuga nguruwe huyachukua, lakini kama kuna mabaki ya nyama ya nguruwe, lazima achemshe kwanza, kwani homa ya nguruwe husambaa kwa njia hiyo. Ya tatu ni mifupa, karatasi na taka nyingine za kwenda kwenye gari la taka. Tangu jalala la Kiteezi liporomoke Agosti 2024, si busara kutegemea gari la taka kwa vitu vinavyooza. Ndoo ya chakula iondoke kila siku, iwe na mfuniko unaobana, na ikisha kumwagwa ioshwe na kunyunyiziwa majivu ya mkaa chini. Mafuta ya kukaangia yaliyochoka yapoe, yachujwe, yaingie kwenye jerikeni kavu. Watengeneza sabuni huyanunua, mradi hayana maji.

Kuhusu lini usafishe, usifuate kalenda ya mtu mwingine, pima. Tafuta fimbo ndefu, upigilie kipande kifupi cha mbao mwishoni ili iwe na mguu wa pembeni. Ipitishe kwenye mafuta, izungushe, kisha ivute taratibu mpaka uhisi mguu umegusa mafuta kwa chini. Weka alama fimbo inapokutana na uso wa juu. Umbali kutoka kwenye mguu hadi alama ndio unene wa mafuta. Kwa tope, funga kitambaa cheupe kwenye fimbo nyingine, ishushe hadi sakafuni, subiri kidogo, uitoe. Sehemu iliyokuwa ndani ya tope hutoka nyeusi, yenye chembechembe, tofauti na kijivu cha maji. Mafuta na tope vikifika pamoja robo ya kina, chemba imekwisha nguvu. Kwa kina cha sentimita 90 hiyo ni 22 hivi. Tuseme baada ya wiki 2 umepata mafuta sentimita 5 na tope 3. Hiyo ni 4 kwa wiki, kwa hiyo utafika 22 kwenye wiki ya 5 na kitu. Safisha kila wiki 4. Tope likiongezeka kuliko mafuta, rudi kwenye sahani, kuna mtu hakwangui.

Safisha alfajiri kabla moto haujawashwa. Chemba imepoa, mafuta ya nyama yameganda na yanatoka kwa vipande. Fungua mfuniko nusu saa kabla, na hakuna mtu kuingia wala kuinamisha kichwa ndani, hakuna sigara. Gesi ile huua pua kwanza, kisha mtu, hivyo ukiacha kusikia harufu usidhani imeisha. Tumia upawa wenye mpini mrefu: toa mafuta kwanza, kisha maji ya katikati uyahifadhi kwenye pipa, kisha tope. Kwangua kuta na ndani ya tii, usimwage sabuni. Mafuta na tope vichanganywe na maranda ya mbao, pale Ndeeba yapo tele, mpaka mchanganyiko usidondoshe maji, halafu uingie kwenye magunia ya plastiki yaliyofungwa vizuri. Rudisha maji ya pipa na ujazie maji safi mpaka yaanze kutoka. Usipojaza, tii inakuwa kavu, na gesi ya shimo inapanda hadi jikoni. Mfuniko ukae kwenye kingo zenye mpira au udongo wa mfinyanzi, la sivyo jirani atarudi kwa mwenyekiti.

Dawa sasa. Sabuni nyingi huyayeyusha mafuta mpaka yapite kwenye chemba, kisha yanatengana tena shimoni. Soda kali hupasha moto, hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni ambayo huganda mbele kwenye bomba, na inaunguza mikono. Dawa za kuua vijidudu zinaua bakteria wanaolifanyia kazi shimo la maji machafu. Hata zile za bakteria zinazouzwa kwa chupa siziamini kwa chemba ndogo, kwa kuwa maji hayakai muda wa kutosha.

Shimo linalofurika lipime peke yake. Shimo la duara la kipenyo cha mita 1.5 na kina mita 3 hubeba lita 5,300 hivi. Soma mita ya maji ujue mnatumia lita ngapi kwa siku. Zikiwa 1,500 na shimo likinyonywa lote na gari likajaa tena baada ya siku 3 na nusu, maana yake haliingizi hata tone ardhini, kuta zimepakwa mafuta, na kunyonya mara kwa mara ni kutupa hela. Chimba jipya baada ya kurekebisha tii, si kabla. Likijaa mapema kuliko hapo, siku moja au mbili, basi maji ya ardhini ndiyo yanaingia, jambo la kawaida Kisenyi na maeneo mengine ya bondeni karibu na mfereji wa Nakivubo msimu wa mvua. Hapo shimo la kupenyeza maji ardhini halitafaa hata likiwa jipya. Uliza shirika la maji na majitaka, NWSC, kama bomba la majitaka linapita karibu, au jenga tangi lililosakafiwa lisilovuja na ukubali gharama ya gari la kunyonya.

Ukimwita dereva wa gari hilo, mwambie kabla kwamba ni maji ya jikoni, na muulize anakomwagia. Mafuta yanaziba mchanga wa vitanda vya kukaushia kinyesi kwenye kituo cha kusafisha majitaka, ndiyo maana nasema yatoe mwenyewe kwa mkono kwanza, gari lichukue maji na tope la shimo tu. Akikuambia "usijali, tutajua pa kumwaga", mwache aende.