Slaidi zenye ukungu na vumbi

"Niko Kisumu, naskani slaidi za baba za miaka ya 70. Hata nikiwasha Digital ICE, picha zina ukungu. Nifanyeje?"

Ndugu, anza na kimo cha slaidi juu ya kioo cha skana, vumbi lisubiri. Zima Digital ICE, ile programu ya kufuta vumbi, na unoaji wote wa picha, maana hulainisha au kutia chumvi punje za filamu, na punje ndizo kipimo chako. Lenzi ya skana bapa nyingi haijirekebishi: huona vizuri kwa kimo kimoja tu, na kishikio cha plastiki kinachobeba slaidi huweza kukikosa. Skani slaidi ileile tena na tena, kila mara ukiongeza kipande cha karatasi nene chini ya pembe zote nne za kishikio. Kuza ukingo wa paa la mabati, ulinganishe. Ukungu ukizidi tangu karatasi ya kwanza, kishikio tayari kiko juu mno. Katikati pakiwa safi na kando pakififia, filamu imepinda ndani ya fremu, na karatasi haitakufaa.

Sasa puliza vumbi kwa pampu ya mpira, uwashe ICE. ICE hutumia infraredi, mwanga usioonekana kwa macho: hupenya rangi za filamu lakini huzuiwa na vumbi, ndivyo programu inavyojua pa kuziba. Ila fedha ya filamu nyeusi-nyeupe huizuia pia, kwa hiyo picha yenyewe huharibiwa. Fremu ikiandikwa Kodachrome, aina ya filamu ya Kodak, jaribu ICE kwa moja kwanza. Nyingine hutoka na kingo zilizomegeka.