Kisanduku kitupu si "Hapana": kugeuza alama za fomu kuwa safu za ndiyo na hapana

"Wakuu, nina fomu za karatasi kama 300 za wakulima wa korosho, walijaza wenyewe. Kuna waliotiki, waliopiga X, waliozungushia duara. Nataka kila kisanduku kiwe safu ya Ndiyo/Hapana kwenye Excel. Palipo tupu niweke Hapana tu niendelee?"

Usiweke, mkuu. Mimi niliweka, na nilirudia kazi ya wiki nzima.

Kazi yangu ilikuwa ya vijiji vya Tandahimba na Newala, fomu zilijazwa kwenye mikutano ya vyama vya msingi. Swali la 14 liliuliza mkulima alipulizia nini mikorosho msimu ule, visanduku vinne: salfa ya unga, dawa ya maji ya ubwiriunga, dawa ya wadudu, na "sikutumia chochote". Niliandika 1 palipo na alama, nikaacha wazi palipo tupu, mwisho nikajaza sifuri kwenye nafasi zote kwa mkupuo. Bosi akapiga simu kutoka Mtwara mjini: iweje nusu ya wakulima wa Tandahimba hawapulizi salfa? Mtu yeyote wa kusini akisikia hivyo anacheka.

Nikafungua bunda moja la fomu 20. Tisa zilikuwa na alama kwenye salfa ya unga, sita zilikuwa na alama kwenye visanduku vingine, na tano hazikuwa na alama yoyote kwenye swali zima. Ukiwahesabu hao watano kama "hapana" unapata 9 kwa 20, yaani asilimia 45. Ukiwatoa, kwa kuwa hawakujibu, ni 9 kwa 15, asilimia 60. Na sababu ya utupu ilikuwa ya kuchekesha: swali la 14 lilikuwa nyuma ya karatasi. Wanne kati ya wale watano hawakuigeuza, ukurasa wote wa nyuma ulikuwa mweupe. Kwa hiyo kisanduku kitupu kinasomeka "hapana" pale tu ambapo mtu kagusa swali lenyewe.

Sasa X, ambayo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Shuleni kwetu vema ni kupata na X ni kukosa. Wapo wakulima waliotia vema kwenye salfa halafu wakapiga X kwenye vingine vitatu, maana yao "hivi sikutumia". Wapo waliopiga X moja tu, kwenye salfa, maana yao "hiki hapa". Alama ni ileile, maana zinapishana, na kompyuta haiwezi kukuambia ipi ni ipi. Unachofanya ni kuamua kwa kila fomu, si kwa kila kisanduku, na ufunguo uko kwenye fomu hiyohiyo: tafuta swali lenye jibu moja tu. Mimi nilitumia jinsia. Fomu yenye X moja kwenye ME, na KE tupu, huyo X yake ni kuchagua. Fomu yenye vema kwenye ME na X kwenye KE, huyo X yake ni kukataa, na hivyo ndivyo utakavyoisoma kurasa zote. Kama jinsia haisaidii angalia swali lingine la namna hiyo, kwa mfano la kiwango cha elimu.

Kwa hiyo usiingize ndiyo na hapana moja kwa moja. Ingiza kile jicho linachokiona: V kwa vema, X kwa X, M kwa mviringo, K kwa kilichofutwa au kukwaruzwa, na pasipo kitu acha wazi. Safu A iwe namba ya fomu (iandike pia juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu, utaitafuta tu). B iwe maana ya X kwa fomu hiyo: N ni kuchagua, H ni kukataa, na alama ya kuuliza ukishindwa kujua. Fomu isiyo na X popote iandikie N, haidhuru. C hadi F ni visanduku vinne, na F ndicho cha "sikutumia chochote". G inahesabu alama zenye maana, bila K:

```
=SUMPRODUCT((C2:F2="V")+(C2:F2="M")+(C2:F2="X"))
```

H ndiyo safu safi ya kwanza. Ivute hadi K upate zote nne:

```
=IF(OR($G2=0,$B2="?"),"hj",IF(OR(C2="V",C2="M",AND(C2="X",$B2="N")),1,0))
```

"hj" ni hakujibu. Nimeiacha neno makusudi. Wengi huandika 99, halafu siku moja mtu anapiga AVERAGE na 99 zinaingia kwenye hesabu. AVERAGE ya safu inaruka maneno, kwa hiyo wastani wa 1 na 0 unakupa moja kwa moja sehemu ya waliosema ndiyo kati ya waliojibu.

Chukua fomu ya yule bwana wa vema moja na X tatu. C ni V. D, E na F ni X. B ni H. G inatoa 4, safu safi zinatoa 1, 0, 0, 0. Ukiteleza ukaweka N kwenye B unapata 1, 1, 1, 1: mtu aliyetumia kila dawa na papo hapo hakutumia chochote. Jambo hilo haliwezekani, na ndilo linalokusaidia kukamata makosa. Safu L:

```
=IF(H2="hj","",IF(OR(SUM(H2:K2)=0,AND(K2=1,SUM(H2:J2)>0)),"rudi",""))
```

Kila penye "rudi", ivute karatasi yenyewe uitazame. Mara nyingi utakuta B imekosewa, au kisanduku kilichojazwa wino mzima. Hicho nacho kina mitego yake: kikiwa peke yake, mtu alikuwa anachagua, kikiwa na vema safi jirani yake, alikuwa anafuta, kiandike K.

Nafasi iliyojificha nayo inasumbua. "V" yenye nafasi nyuma yake si "V" kwa Excel, itahesabiwa kama hakuna kitu, na wewe kwa macho huioni. Kabla ya kuanza, andika V, X, M na K kwenye seli nne za pembeni, kisha weka kwenye C hadi F Data Validation ya aina ya List inayoelekeza kwenye seli hizo, uchafu usiingie tangu mwanzo.

Kama fomu yako ina visanduku vilivyopangwa mstari mmoja, "Salfa ☐ Dawa ya maji ☐", angalia kwanza kisanduku ni cha neno la kushoto au la kulia. Baadhi ya wakulima watakuwa wamekichukulia tofauti. Ukiona alama imeangukia kisanduku cha mwisho kila mara kwenye fomu moja, ishuku.

Zitabaki fomu chache za X tupu zisizo na ufunguo wowote. Kwangu zilikuwa sita. Nilizitilia alama ya kuuliza, zikawa "hj", na kwenye ripoti nikaandika idadi yake. C hadi F sikuzifuta, nilizificha tu, maana miezi miwili baadaye yuleyule bosi alirudi kuuliza mviringo nimeuhesabu vipi.