Anza na Neno la Mwisho: Mtihani wa Udereva kwa Kijerumani

Leseni ya Tanzania inakubalika Ujerumani kwa miezi 6 tangu uanze kuishi huko, basi. Baada ya hapo unafanya mtihani wa nadharia na wa barabarani, hata kama umeendesha miaka mingi nyumbani. Mtihani wa nadharia unapatikana kwa Kijerumani na lugha 12 za kigeni, Kiingereza na Kifaransa zikiwemo. Kiswahili hakimo. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani tu, na Kijerumani ndicho nilichokitumia kazini kila siku, nikakichagua hicho.

Mara ya kwanza nilifeli kwa maswali mawili. Maswali ni 30, na kila moja lina uzito wake, kuanzia alama 2 hadi 5. Unaruhusiwa kupoteza alama 10, lakini ukikosa maswali mawili ya alama 5 umeanguka, ingawa jumla ni hizohizo 10. Yangu yalikuwa ya alama 5 yote mawili, na sheria zake nilizijua. Kilichoniangusha ni kusoma.

La kwanza lilikuwa na picha ya njia panda isiyo na alama yoyote, gari la bluu linatoka kulia. Jibu mojawapo lilisema: „Ich muss das blaue Auto durchfahren lassen“. Macho yangu yalishika „ich muss“, yakashika „durchfahren“, nikaelewa kwamba mimi ndiye lazima nipite. Nikaliacha bila kulitia tiki. Kumbe neno „lassen“ pale mwishoni limegeuza kila kitu: lazima nimwache yeye apite. Na ndivyo ilivyo, maana pasipo alama wala taa, anayetoka kulia ana haki ya kutangulia.

Sisi Waswahili tumezoea kitenzi kinachojieleza chenyewe. Ukisoma „nimwache“ umeshajua nani anamwacha nani. Kijerumani kinatawanya mzigo huo, sehemu moja mwanzoni na nyingine mwisho kabisa wa sentensi. Kwa hiyo nilijizoesha kitu kimoja: kila jibu, naangalia kwanza neno la mwisho, kisha narudi mwanzo. Wiki mbili za kufanya hivyo kwenye maswali ya mazoezi zilitosha macho kuzoea.

Swali la pili lilionyesha basi limesimama kituoni, likauliza: „Womit müssen Sie rechnen?“ Darasa la lugha lilinifundisha kwamba „rechnen“ ni kupiga hesabu. Kwenye mtihani huu swali hilo hujirudia sana, na maana yake ni: utarajie nini? Halikuulizi kinachoonekana pichani, linauliza kinachoweza kutokea. Mimi nilitia tiki kwamba basi linaweza kuondoka, nikaacha kwamba abiria anaweza kuchomoka mbele ya basi akivuka, kwa sababu sikumwona mtu. Majibu sahihi yanaweza kuwa moja, mawili au yote, na ukiacha moja lililo sahihi swali zima limekosewa.

Daftari langu la pili halikuwa na orodha ya maneno mojamoja kama la kwanza. Niliandika maneno yanayofanana na kupotoshana pamoja, kila moja ndani ya sentensi. „Darf nicht“ ni hairuhusiwi, „muss nicht“ ni si lazima. „Überholen“ ni kulipita gari linalotembea, „vorbeifahren“ ni kupita kando ya lililosimama. Ukichanganya hayo mawili, alama ya kukataza ku-overteki utaielewa vibaya.

Kundi lililonichukua muda zaidi ni „warten“, „halten“ na „parken“, kwa sababu kwetu yote tunaweza kusema „kusimama“. „Warten“ ni pale foleni au taa nyekundu inapokuzuia. „Halten“ ni kusimama kwa hiari yako, mfano kumshusha mtu. Ukizidisha dakika 3, au ukishuka ukaliacha gari, sheria inasema sasa ni „parken“. Hapo ndipo vibao viwili vya duara la bluu lenye ukingo mwekundu vinapoeleweka: chenye mistari miwili iliyokatizana kinakataza hata kusimama kwa hiari, chenye mstari mmoja kinakataza kupaki tu, kumshusha abiria unaweza.

Kwa hiyo ukiwa unajiandaa, kila swali unalokosa jiulize kwanza: sheria sikuijua, au nilisoma vibaya? Andika pembeni herufi S ya sheria au K ya kusoma. Mimi katika makosa 40 ya mazoezi nilipata K 27, nikaacha kukariri kitabu upya, nikarudia sentensi hizo 27 tu, kwa sauti, nikizigeuza kwa Kiswahili moja baada ya nyingine. Mara ya pili nilipoteza alama 3.