Karatasi za kupitia kwa jicho kabla hatujafunga mwezi

Waraka huu ni kwenu mlioingia kitengo cha hesabu hivi karibuni. Wiki ijayo mtafunga mwezi kwa mara ya kwanza, na wawili wenu mmeshaniuliza: kama programu inasoma yenyewe ankara zilizoskaniwa na kujaza tarehe, namba na kiasi, sisi tunabaki na kazi gani? Mnabaki na kusoma karatasi chache. Hizo chache ndizo nazoeleza hapa, na kwa nini ni hizo na si nyingine.

Programu ikimaliza kusoma ukurasa huweka asilimia ya uhakika kwenye kila kisanduku ilichojaza. Tulipoanza kuitumia tulijiwekea kanuni nyepesi: kilicho chini ya 90 kiende kwa mtu, kilichobaki kipite moja kwa moja hadi kwenye leja. Foleni ya mtu ikajaa risiti zilizokunjwa mfukoni na stakabadhi zenye alama za chai. Tulizisahihisha kwa bidii, na nyingi zilikuwa za shilingi elfu nane, elfu kumi na mbili. Makosa ya mamilioni yalikuwa yanapita mlango wa pili, yakiwa na 98 na 99. Ile asilimia inapima kama herufi zimesomeka vizuri, basi. Haipimi kama karatasi imeeleweka ni ya nini. Profoma iliyochapwa kwa wino safi inasomeka vizuri kuliko ankara halali iliyofifia, lakini profoma si deni.

Kwa hiyo sasa hatuchagui kwa asilimia, wala kwa ukubwa wa kiasi. Tunachagua kwa aina ya karatasi.

Ya kwanza ni kredit noti, zote, hata ya shilingi elfu tano. Nitaanza na iliyotufundisha. Mgavi wetu wa katoni alituletea mzigo wenye ankara ya shilingi 7,080,000, yaani 6,000,000 na VAT ya asilimia 18 ambayo ni 1,080,000. Baadhi ya katoni zilifika zimelowa tukazirudisha, naye akatuandikia kredit noti ya 1,180,000: milioni moja na VAT yake 180,000. Karatasi zote mbili zilikuwa na nembo ileile, jedwali lilelile na mahali palepale pa jumla. Tofauti ilikuwa maneno mawili tu juu kulia, na kiasi hakikuwa na alama ya kutoa. Programu ikaisoma kama ankara ya pili. Ikajumlisha milioni moja na 180,000, ikapata 1,180,000, hesabu ikakubali, ikapita.

Tulikuja kugundua pale mgavi alipotuma stetimenti ya mwisho wa mwezi. Yeye anasema tunadaiwa 5,900,000, leja yetu inasema 8,260,000. Tofauti ni 2,360,000. Tulitafuta ankara ya kiasi hicho asubuhi nzima, haipo. Mzee mmoja aliyekuwa karibu kustaafu akapita nyuma yetu, akauliza, "Mmeigawa kwa mbili?" Nusu yake ni 1,180,000. Kitu kilichopaswa kutolewa kikiongezwa, kosa huwa mara mbili ya kiasi chenyewe, kwa hiyo stetimenti ikigoma, jambo la kwanza gawanya tofauti kwa mbili na utafute karatasi ya kiasi hicho. Isipopatikana, jaribu kugawanya kwa tisa. Ikigawanyika bila kubaki, huenda tarakimu mbili zimepishana, kama 5,940,000 kuandikwa 5,490,000.

Angalieni pia kosa lile lilifika wapi. Gharama ya katoni ilizidi kwa milioni mbili, jambo ambalo tungelirekebisha mwezi unaofuata tukiwa tumeinamisha vichwa tu. Lakini VAT ya manunuzi nayo ilizidi kwa 360,000, na hiyo inakwenda kwenye ritani ya TRA tarehe 20. Huko kosa halisubiri mwezi unaofuata.

Profoma sitazisemea sana. Karatasi yoyote yenye neno hilo, au "makadirio ya bei", au isiyo na namba ya ankara, itoeni kwenye mfumo. Ikibaki, ankara yenyewe ikija tutakuwa na deni moja mara mbili, na kwa kuwa namba zake ni tofauti, mfumo hautalalamika.

Aina ya tatu ndiyo inayochukua muda, nayo ni hati za kupokelea mzigo za siku tano za mwisho wa mwezi na siku tano za mwanzo wa mwezi unaofuata. Gharama ni ya mwezi ambao mzigo uliingia ghalani, hata kama ankara imeandikwa tarehe nyingine. Tuseme ghala la Mbeya limepokea mzigo tarehe 29, na mgavi akaandika ankara tarehe 2. Programu itasoma tarehe 2 sawasawa kabisa, kisha itaupeleka mzigo wote mwezi unaofuata. Stoo inaonyesha mali ipo, vitabu vinasema hatujanunua. Anayejua ukweli ni ile hati ya kupokelea, iliyojazwa kwa peni na mtunza ghala akiwa amesimama kwenye mlango wa lori, halafu ikaja Dar kwenye kifurushi cha basi.

Hati hizo zisomeni moja moja mkiwa na karatasi yenyewe mkononi. Moja ya mwandiko wa mkono mara nyingi inasomwa saba, na tarehe 21 inageuka 27. Ukikuta mzigo umeingia ndani ya mwezi na ankara haijafika, andika gharama hiyo kama deni ambalo ankara yake inasubiriwa, kwa bei iliyo kwenye LPO. Tarehe mosi tunaligeuza ingizo hilo ili ankara ikifika isihesabiwe tena. Sahau hiyo kazi ya kugeuza, na utakuwa umetengeneza kwa mkono wako kosa lilelile la profoma.

Tarehe za ankara za nje ya nchi zina mtego wake. Wengine huandika mwezi kwanza, sisi huandika siku kwanza. Ikiwa 25 iko katikati, programu inajirekebisha kwa kuwa hakuna mwezi wa ishirini na tano. Lakini 04/03 inaweza kuwa tarehe 4 Machi au tarehe 3 Aprili, nayo itachagua moja bila kuyumba na kukupa 99 yake. Mashaka hayo yapo kwa siku 1 hadi 12 tu, na kwa bahati mbaya ndizo siku ambazo sisi tunafunga. Usikisie. Tafuta tarehe ya kuisha muda wa malipo chini ya ankara, au barua pepe iliyokuja nayo.

Ankara hizohizo za nje zipitieni kwa sababu ya sarafu pia. Dola 4,200 zikisomwa kama shilingi 4,200 zinaonekana kama bili ya chakula cha mchana. Hapa ndipo kanuni ya kupitia kiasi kikubwa tu inapoumbuka, kwani kosa lenyewe limefanya kiasi kuwa kidogo. Tulikuwa na kiwango cha milioni moja: cha juu yake kinapitiwa, cha chini kinapita. Ankara ya dola ilipita chini ya kamba kama mbuzi. Sasa mgavi yeyote wa nje anapitiwa hata akidai shilingi mia.

Zinabaki risiti za EFD. Hizi ni nyingi, kwa hiyo msisome zote. Someni zile tunazodai VAT yake. Karatasi yake hufifia kwa joto, na risiti iliyosafiri kwenye dashibodi ya gari kutoka Morogoro inaweza kufika nyeupe, kwa hiyo dereva aipige picha siku ileile. Kwenye risiti angalieni TIN mbili, ya muuzaji na yetu. Programu inaona namba mbili za tarakimu tisa zilizofanana umbo, na mara nyingine huzibadilishana. Kuna mwezi tulijikuta kwenye orodha ya wagavi wetu wenyewe, tukijiuzia vipuri. Ikiwa TIN yetu haipo kabisa kwenye risiti, usiijaze kwa hisani. Mrudishie aliyenunua akadai risiti nyingine. Tarakimu ikikutia shaka, piga picha alama ya QR kwa simu, ukurasa wa TRA utafunguka na risiti ilivyotolewa, kisha linganisha kiasi na tarehe.

Za mafuta msiziache zipite na VAT. Petroli na dizeli zimesamehewa kodi hiyo, lakini programu imezoea kuchomoa asilimia 18 ndani ya jumla popote inapoona risiti ya EFD. Na stakabadhi za mkono zenye mtindo wetu wa kumalizia kiasi kwa "/=" zina kituko chao: mkwaju ule husomwa kama moja, na 450,000/= inakuwa 4,500,001. Ukiona kiasi kinaishia na moja isiyo na maelezo, fungua picha.

Bili za umeme, kodi ya pango, intaneti na ulinzi msizipitie moja moja. Linganisheni na mwezi uliopita. Zikiwa palepale au karibu na pale, ziacheni. Kwenye pango na huduma kuna kodi ya zuio, nayo hulipwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo mtu wa kodi anazitaka orodha hizo mapema kuliko mimi.

Namna ya kupitia ni hii. Fungua picha kwanza, soma mwenyewe kiasi, tarehe na jina la karatasi, ndipo utazame programu imejaza nini. Ukianza na kilichojazwa, jicho litakubali tu. Nimejaribu mwenyewe saa mbili usiku, nikaipitisha kredit noti ambayo nilikuwa naitafuta. Ukibadilisha kitu, andika herufi za jina lako na sababu kwenye kisanduku cha maelezo. Aliyeingiza karatasi asiwe ndiye anayeipitia.

Kredit noti na profoma ziwe zimeisha siku ya kwanza ya kazi, maana stetimenti za wagavi haziwezi kusuluhishwa kabla yake. Hati za maghala ni siku ya pili na ya tatu. Ankara za nje na risiti za EFD zimalizike siku ya nne saa kumi jioni. Kinachobaki na utata saa hiyo msikifiche ndani ya leja: niandikieni namba yake, kiasi na mnachosubiri, nami nitaamua kama mwezi unafungwa nacho au bila yake. Kifurushi cha Mbeya hufika stendi saa kumi na mbili asubuhi, na mwezi huu zamu ya kukifuata ni ya wapya.