Mteja amefiwa, risiti inasema fedha hairudishwi: nifanyeje?

SWALI: Nina ukumbi wa sherehe Mwanza. Risiti zangu zimeandikwa "fedha ikishalipwa hairudishwi". Wiki hii bwana harusi amefiwa na baba yake mzazi, zimebaki siku 10 kabla ya harusi, na walishalipa 1,200,000 kati ya 2,000,000. Roho inaniambia nirudishe. Lakini mwezi uliopita nilimkatalia bibi harusi aliyesema anaumwa. Nikimsaidia huyu, yule ataniambia nini?

JIBU: Ndugu yangu, najua ushauri utakaopewa na wengi: mrudishie kimya kimya, mwambie asimwambie mtu. Ushauri huo umenichosha, maana ndio unaoharibu sheria za wafanyabiashara kila mwaka. Fedha ile ni michango, na nyuma yake kuna kamati nzima ya harusi. Mweka hazina lazima aeleze zimekwenda wapi. Siri hiyo haitamaliza wiki, na mteja atakayefuata atakuja akijua kwamba kwako kinachotakiwa ni kulia vizuri.

Wateja wawili wanaweza kupata majibu tofauti bila wewe kuwa mbaguzi, mradi wameulizwa maswali yaleyale na hesabu imepigwa kwa njia ileile. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: nani anastahili msamaha, na anapata kiasi gani. Uzito wa msiba unahusika na la kwanza tu.

Kuhusu nani anastahili, usijitungie orodha ya ndugu ukiwa kwenye simu na mtu anayelia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inapotoa likizo ya msiba, inataja mwenzi, mzazi, mtoto, babu au bibi, mjukuu, na ndugu wa kuzaliwa. Hiyo ni ya waajiri, haikubani wewe, lakini ni kipimo ambacho hakuna atakayesema umekibuni ili kumkomoa. Itumie kwa bibi na bwana harusi, kisha ongeza mlezi, akithibitishwa kwa barua ya ofisi ya mtaa.

Ushahidi uwe ule unaopatikana siku hizo. Nimeona wenye kumbi wakidai cheti cha kifo siku ya pili ya msiba, wakati cheti cha RITA hufuatiliwa baada ya mazishi. Kibali cha mazishi kinatosha.

Ugonjwa una masharti yake: uwe wa bibi au bwana harusi mwenyewe au wa mzazi wao, uwe umeanza au kuzidi baada ya kulipa, na barua ya daktari iseme kwamba tarehe hiyo hataweza kushiriki. Jina la ugonjwa halikuhusu. Usipige picha wala kutunza nakala, kwa sababu taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Isome, irudishe, uandike kwenye daftari tarehe uliyoiona na hospitali iliyoitoa. Ukiitilia shaka, mwombe mteja ridhaa, kisha piga namba ya hospitali uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye barua.

Sasa kiasi. Tuseme ulishamlipa mpambaji 250,000 na mwenye jenereta 60,000, na hawarudishi. Kwenye 1,200,000 inabaki 890,000. Kwanza wape tarehe nyingine ndani ya miezi 12, na 890,000 zote zihesabiwe huko. Wasipotaka, subiri tarehe ya awali ipite, kwa kuwa kabla ya hapo hujui umepata hasara gani. Ukumbi ukipata mteja mwingine kwa bei kamili, rudisha 890,000. Ukibaki mtupu, rudisha nusu, yaani 445,000. Onyesha risiti za mpambaji na jenereta, na urudishe kwenye namba ileile iliyolipa, hata mjomba akija na namba nyingine.

Yule bibi harusi wa mwezi uliopita mpigie leo. Muulize maswali hayohayo, na akiwa na barua ya daktari, mpigie hesabu hiyohiyo. Ukimruka, huyu wa msiba atakuwa amependelewa kweli.

Kisha badilisha maandishi ya risiti. Wapo wanaouza mikataba ya kunakili wakidai neno "hairudishwi" likiandikwa kwa wino mwekundu linamaliza kesi. Halimalizi. Sheria yetu ya mikataba humpa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kadiri inayofaa, hata kama mkataba umetaja kiasi kikubwa zaidi. Mwenye ukumbi anayeshikilia 1,200,000, hana risiti ya gharama hata moja, na tarehe ileile amemuuzia mtu mwingine, atapata tabu kueleza hasara yake iko wapi. Andika masharti ya msamaha, makato na muda wa kusubiri palepale chini ya sentensi hiyo, na mweka hazina wa kamati asaini kabla hujapokea advansi.