Ile "ka" iliyonikata nusu ya malipo

Dada mmoja kaniuliza inboksi, hizi "ka" na "krap" za Kithai unazitafsirije kwenye skripti ya mahojiano? Umenigusa kidonda dada, maana mwezi uliopita nimerudishiwa kazi nzima nikalipwa nusu, na kosa langu lilikuwa hapo hapo.

Ilikuwa rekodi ya mama mmoja, dalali wa mawe kule Chanthaburi, Thailand, soko ambalo hata mawe yetu ya Afrika Mashariki hufika. Wasomaji mchanganyiko: wafanyabiashara wasiojua Kithai hata salamu, na watafiti wanaokijua. Mwanaume humalizia na krap, mwanamke ka, ni adabu tu, ukiziandika zote msomaji atadhani mtu ana kwikwi. Kwa hiyo nikazifuta, ila kila "ka" iliyosimama peke yake nikaiandika "ndiyo", najiona fundi kweli.

Sasa muulizaji anauliza swali refu: ile rubi ilikuwa imepikwa, yaani imechomwa kwa joto ipendeze rangi, mteja hakuambiwa, wewe ulijua? Mama anaitikia ka... ka... Nikaandika Ndiyo. Ndiyo. Halafu anajibu "mai ru ka", sikujua. Yaani kwenye karatasi yangu mama wa watu kakiri kisha kakana!

Niliporudi kwenye sauti nikasikia zile ka mbili zimeingia muulizaji bado anaongea, fupi, ni "ehee" yetu ya nakusikia. Ukiulizwa "ru mai?", unajua?, jibu la kukubali mara nyingi hurudia kitenzi, "ru ka". Ka tupu baada ya swali kuisha inaweza kuwa ndiyo kweli, ndo maana nasema sikiliza, usitafsiri kwa macho tu. Siku hizi naweka "(anaitikia)" basi.

Kosa la pili lilinidhalilisha zaidi. Mama huyo huyo katikati ya stori anasema "mai khai krap". Nikajua mchapaji wa rekodi kakosea msemaji, nikaihamishia kwa kijana wake wa dukani. Kumbe anamuigiza muuzaji aliyemkatalia! Kiswahili chetu "yeye" hakina mke wala mume, ukiitupa krap umetupa na alama ya kwamba maneno ni ya mtu mwingine. Ilitakiwa: "Yule baba akanijibu, siuzi." Na jamani msipange jinsia kwa kusikia sauti, mwenye sauti nzito akimalizia na ka mwulizeni aliyemhoji amwandikeje, msimrekebishe.

Halafu msidhani ikifutwa imeisha. Huyu mama alipobanwa mara ya tatu aliacha ka kabisa, na watafiti walilisikia hilo wakati mimi nimeandika majibu yote sawasawa. Nimeyarudia bure bila hata senti: jibu la kwanza "Hapana mwanangu, sikujua", la tatu "Nimeshasema sikujua."