Ukuta Unaochemka Palipofutwa Nguzo

Nimefuta nguzo ya umeme iliyokuwa mbele ya ukuta wa lipu. Kila fremu peke yake ni safi, lakini video ikicheza ukuta unachemka. Kwa nini?

Kwa sababu programu imeziba kila fremu bila kujua ilibuni nini katika fremu iliyotangulia, kwa hiyo punje za lipu zinazaliwa upya mara 25 kwa sekunde, na jicho husamehe kosa lililotulia kuliko linalotetemeka. Kipande cha sekunde 4 kina fremu 100. Usizibe zote, ziba moja. Chagua ile ambayo ukuta ni mkali na mkubwa zaidi, tuseme ya 50, ipunguze chenga, yaani vidoa vidogo vya kamera vinavyorukaruka kwenye picha, uizibe mpaka uridhike, kisha kibandike kiraka hicho kwenye fremu nyingine zote kwa kufuata mwendo wa ukuta. Katika Nuke, programu ya kuunganisha picha za video, hutumika `FrameHold`, inayoshikilia fremu moja, ikifuatiwa na `CornerPin2D`, inayokivuta kiraka kwa pembe nne. Ila kama kamera ilikuwa inatembea, tazama kwanza fremu za mbali: sehemu iliyofichwa na nguzo kwenye ya 50 huenda ilionekana kwenye ya 20, na lipu halisi haina haja ya kubuniwa.

Nimefanya hivyo, sasa kiraka kinateleza.

Umefuatilia kitu kisicho ukuta, mara nyingi ukingo wa nguzo yenyewe, ambayo iko karibu zaidi na kamera na kwa hiyo huenda kwa kasi nyingine. Fuatilia alama nne za ukuta huohuo, kama nyufa au madoa, zilizokizunguka kiraka. Ili kupima, tuliza video nzima kwa mwendo huohuo: ukuta usimame tuli, na kiraka kisimame pamoja nao.

Kimetulia, lakini kinaonekana kama stika.

Kimetulia kupita kiasi. Chenga za kamera hubadilika kila fremu, na kiraka chako hakina. Zirudishe mwishoni, juu ya kiraka kilichokwisha kubandikwa, kwa ukubwa ule unaouona kwenye ukuta wa kando. Mwanga nao, kama wingu lilipita, urekebishwe kwa kufuata wastani wa rangi ya ukuta ulio kandokando ya kiraka, fremu kwa fremu.

Je, siwezi tu kuchanganya fremu zilizokwisha kuzibwa?

Unaweza, ukizilinganisha kwanza kwa mwendo, kisha ukachukua thamani ya kati ya fremu tano kwa kila pikseli. Mtego ni kwamba mwendo ukipimwa ndani ya eneo linalochemka, unapima mchemko wenyewe. Upime nje ya eneo hilo, kisha uuendeleze ndani. Hata hivyo lipu italainika kidogo, nami huitumia njia hii pale tu ambapo fremu asili zimepotea.

Na kama nyuma ya nguzo ni bahari?

Kiraka kimoja hakifai, kwani maji yatagandishwa. Chukua mawimbi yanayocheza kutoka pembeni mwa picha hiyohiyo, katika umbali uleule kutoka upeo wa macho, uyasogeze hadi pale.